Barua ya kung'atuka ya mwalimu wa kwaya: namna ya kuiandika, kushukuru na kukabidhi

Mwalimu wa kwaya aliyetumika miaka ishirini mara nyingi hakuwahi kusaini mkataba. Alipewa posho ya nauli, au hakupewa kitu kabisa. Siku anapoamua kupumzika anadhani hakuna haja ya barua, kwa kuwa kila mtu anamfahamu. Barua inahitajika, tena sana, kwa sababu haitaishia kwenye faili la ofisi ya parokia. Paroko ataisoma, halafu katibu ataisoma kwa sauti mbele ya wanakwaya waliokaa kwa mpangilio wa sauti zao, na kipande chake huenda kikaingia kwenye matangazo ya Dominika. Nimekuwa katibu wa kwaya na nimezisoma barua za namna hii mbele ya watu. Naijua ile inayowafanya wasikilize hadi mwisho, na naijua ile inayowafanya watazamane.

Mwongozo huu unafuata mwalimu wa kwaya ya parokia Katoliki nchini Tanzania. Aliyeko KKKT au Anglikana atabadilisha vyeo: paroko awe mchungaji, Halmashauri ya Walei iwe Baraza la Wazee. Mengine yanabaki yaleyale.

Hatua ya 1: Sema kwa mdomo kabla ya kuandika

Paroko asijue habari hii kutoka kwenye bahasha. Omba miadi, nenda mwenyewe, mweleze unataka kuondoka lini na kwa nini. Baada yake mwone mwenyekiti wa kwaya, na uwaone wote wawili ndani ya juma moja, maana siri ya namna hii haikai. Kwa wanakwaya usiseme bado. Na usiandike lolote kwenye kundi la WhatsApp la kwaya, hata la kupapasa kama "wapendwa, kila kitu kina mwisho". Ukifanya hivyo, paroko ataanza kupigiwa simu na waimbaji wa sauti ya kwanza kabla hujafika ofisini kwake.

Mazungumzo hayo yana faida nyingine. Paroko anaweza kukuambia jambo usilolijua: kwamba yeye mwenyewe anahamishwa, au kwamba parokia inajiandaa kwa jubilei. Barua itakayofuata itaandikwa kwa kuzingatia hayo.

Kabla ya kwenda, isome katiba ya kwaya. Kwaya nyingi zinayo, ingawa imelala kwenye kabati la katibu. Angalia vitu viwili: nani humteua mwalimu, na taarifa ya kuondoka ni ya muda gani. Anayekuteua ndiye unayemwandikia. Kama wewe ni mwajiriwa wa parokia unayelipwa kwa mwezi, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataka notisi isiyopungua siku 28. Kwa anayejitolea, katiba na busara ndizo zinazoongoza, na miezi miwili ni muda mzuri.

Hatua ya 2: Chagua tarehe kwa kalenda ya liturujia

Hapa ndipo walimu wengi wazuri wanapoiachia kwaya mzigo bila kukusudia. Wanaondoka Desemba kwa sababu mwaka unaisha, au Januari kwa sababu wamehama kikazi. Mwalimu mpya anaingia akiwa na majuma machache tu kabla ya Kwaresima, na mbele yake kuna Dominika ya Matawi, Alhamisi Kuu, Ijumaa Kuu na mkesha wa Pasaka wenye zaburi nyingi kuliko siku nyingine yoyote ya mwaka. Wengine huchagua Kristo Mfalme kwa kuwa ndiyo Dominika ya mwisho ya mwaka wa Kanisa. Inapendeza kusikia, lakini Dominika inayofuata ni Majilio, na nyimbo za Noeli zinapaswa kuwa zimeshaanza kufundishwa.

Wakati mwema zaidi ni baada ya kipindi cha Pasaka. Chukua mwaka 2026. Pasaka ni tarehe 5 Aprili, Pentekoste tarehe 24 Mei, na Sherehe ya Mwili na Damu ya Kristo, yenye maandamano yake marefu, inaadhimishwa Dominika tarehe 7 Juni. Mwalimu akiimbisha maandamano hayo na kukabidhi, anayempokea anapata Kipindi cha Kawaida, karibu miezi sita ya Dominika tulivu, kabla ya Majilio kuanza tarehe 29 Novemba. Katika miezi hiyo atajifunza sauti za watu wake, nao watajifunza mkono wake.

Barua yenyewe usiitoe katikati ya Kwaresima. Watu watafanya mazoezi ya Juma Kuu huku wakinong'ona juu ya nani atakuja. Zungumza na paroko mapema, hata Januari, lakini tarehe ya barua iwe baada ya Dominika ya Huruma ya Mungu. Kwa mwaka huo ni Jumatatu tarehe 13 Aprili.

Hatua ya 3: Kichwa na aya ya kwanza

Barua inafuata mpangilio wa barua rasmi. Anuani yako na tarehe viko juu kulia, cheo na anuani ya paroko kushoto, kisha "Kupitia" ya mwenyekiti wa kwaya. Usiiruke hiyo "Kupitia". Mwenyekiti aliyerukwa ataipokea barua yako kama shutuma, hata kama humo ndani umemsifu.

Kwenye "YAH" wengi huandika "kujiuzulu". Si kosa, ila mbele ya waumini neno hilo huwafanya watu waulize kulitokea nini. Kama unaondoka kwa amani, andika "kung'atuka" au "kupumzika nafasi ya mwalimu wa kwaya". "Kustaafu" lifae mwenye umri wa kustaafu.

Aya ya kwanza iseme mambo matatu basi: unaondoka, tarehe ya mwisho ya kuongoza, na sababu kwa sentensi moja. Nimeona barua zilizoanza na historia ya kwaya tangu kuanzishwa, na hadi ukurasa wa pili msikilizaji hajui kama anaalikwa kwenye jubilei au anaagwa. Sababu iwe ya kweli na fupi. Kama kuna mgogoro ndani yake, mgogoro huo ulipaswa kumalizwa kwenye yale mazungumzo ya hatua ya kwanza. Hauna nafasi humu.

Hatua ya 4: Shukrani

Tumia muda wako mwingi hapa.

Anza na karatasi ya pembeni, si barua. Andika kila kiongozi aliyepita tangu ulipoanza: maparoko, maparoko wasaidizi, wenyeviti wa Halmashauri ya Walei, wenyeviti, makatibu na wahazini wa kwaya. Mbele ya kila jina andika tendo moja alilofanya ambalo bila yeye lisingefanyika. Majina mengine yatabaki bila tendo, na hilo ni sawa. Hao watashukuriwa kwa pamoja kwa vyeo vyao. Wale wenye tendo, chagua wanne au watano.

Sasa tazama tofauti. Barua nyingi husema: "Kwa namna ya pekee napenda kumshukuru Baba Paroko kwa ushirikiano wake mkubwa, ushauri wake na malezi yake ya kiroho." Sentensi hiyo inaweza kusomwa kwenye parokia yoyote na juu ya padre yeyote. Paroko akiisikia atatikisa kichwa kwa heshima, hatakumbuka kitu. Badala yake mwalimu anaweza kuandika: "Baba Paroko, ulituhamishia chumba cha katekesi siku za Jumatano, tukaacha kufundishana nje kwenye giza. Akina mama wenye watoto wadogo walirudi mazoezini." Hii ina tendo na ina kilichotokana na tendo. Wanakwaya waliokuwepo watajiona humo, na paroko atajua ulimwona alipofanya.

Utaratibu wa majina nao una adabu yake. Paroko aliyepo anashukuriwa, lakini si lazima awe wa kwanza. Ukifuata miaka, utaanza na aliyekupokea na kumalizia na aliyepo, na hakuna atakayehisi ameshushwa. Aliyefariki aitwe marehemu. Aliyehamishwa atajwe pamoja na wadhifa aliokuwa nao wakati huo, kwa kuwa huenda leo ana wadhifa mwingine.

Inabaki habari ya kiongozi mliyegongana. Kila mwalimu wa muda mrefu anaye mmoja. Ukimwacha, kutotajwa kwake kutasikika kuliko majina yote uliyoyataja. Ukimsifu kwa asichofanya, wanaojua watacheka. Mtafutie jambo moja la kweli, hata dogo. Mhazini aliyekuwa anabana fedha hadi mkashindwa kushona sare kwa wakati, huyo huyo ndiye ambaye hesabu zake hazikuwahi kupungua senti. Mshukuru kwa hesabu, ukomee hapo. Usiseme "licha ya tofauti zetu". Maneno "licha ya", "pamoja na changamoto zote" na "hata pale ambapo hatukuelewana" yana mwiba, na katibu akiyasoma kwa sauti mwiba unaonekana.

Angalia pia shukrani inayogeuka kuwa sifa zako. "Nawashukuru kwa kuniamini hadi nikaifikisha kwaya hii kwenye ubora wa jimbo" ni kujipongeza kwa mlango wa nyuma. Kipimo ni rahisi: katika kila sentensi ya shukrani, mtendaji awe kiongozi, si wewe.

Baada ya shukrani, weka sentensi moja ya kuomba radhi. Kwetu barua ya kuaga isiyo na neno la kusameheana inasikika kama haijakamilika, na mwalimu wa kwaya anajua alivyowahi kumkemea mwimbaji wa sauti ya tatu mbele ya wenzake kwa kushuka nusu sauti. Sentensi moja inatosha. Usitaje tukio.

Hatua ya 5: Makabidhiano na nyimbo zako

Barua iseme utakabidhi nini na lini, lakini orodha yenyewe iwe kiambatisho. Kwenye orodha weka kinanda na vifaa vyake, nakala za nyimbo kwa mafaili yake, funguo, na sare za akiba. Usisahau visivyoshikika: namba ya simu iliyosajili ukurasa wa kwaya kwenye YouTube, nywila, uongozi wa kundi la WhatsApp, na saini yako benki kama wewe ni mtia saini wa akaunti ya kwaya. Kwaya imewahi kukaa muda mrefu bila kuweza kupandisha wimbo mtandaoni kwa sababu ukurasa ulifunguliwa kwa barua pepe binafsi ya mwalimu aliyehama.

Nyimbo ulizotunga zinahitaji sentensi yake. Kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, mtunzi ndiye mwenye haki ya kazi yake, isipokuwa kama kulikuwa na makubaliano mengine au aliitunga akiwa mwajiriwa kwa kazi hiyo. Wanakwaya hawajui hilo, na ukiondoka bila kusema neno watabaki na wasiwasi: je, tuendelee kuimba nyimbo zake? Tuzirekodi? Andika wazi unachoruhusu. Kuimba kwenye ibada ruhusu bila masharti. Kurekodi na kuuza kunaweza kuhitaji mazungumzo, na ni haki yako kusema hivyo.

Usimpendekeze mrithi ndani ya barua. Mnong'oneze paroko kama amekuuliza. Barua iliyosomwa hadharani ikimtaja mtu, inamfunga paroko mikono na inampa mtu huyo maadui kabla hajaanza.

Barua yenyewe

Mwalimu wa mfano huu alianza mwaka 2003 na anaondoka kwa sababu ya macho. Nafasi zenye nukta ujaze mwenyewe.

> S.L.P. ..........,
> ....................
> 13 Aprili 2026
>
> Paroko,
> Parokia ya ....................,
> S.L.P. ..........
>
> Kupitia: Mwenyekiti, Kwaya ya ....................
>
> Baba Paroko,
> Tumsifu Yesu Kristo.
>
> YAH: KUNG'ATUKA KATIKA NAFASI YA MWALIMU WA KWAYA
>
> Kama tulivyozungumza, ninang'atuka katika nafasi ya mwalimu wa kwaya yetu. Nitaongoza kwa mara ya mwisho tarehe 7 Juni 2026, Sherehe ya Mwili na Damu ya Kristo. Macho yangu hayasomi tena nota kwenye mwanga wa kanisani kama zamani, na kwaya inastahili mwalimu anayeona vizuri.
>
> Padre .................... ndiye aliyekuwa paroko mwaka 2003. Alinikuta mwimbaji wa besi nisiyejua kusoma nota, akanilipia mafunzo ya muziki, kisha akanikabidhi kwaya wakati mimi mwenyewe sijajiamini. Namshukuru huko aliko.
>
> Nawashukuru viongozi wa Halmashauri ya Walei wa wakati ule kinanda chetu kilipokufa Noeli ikiwa imekaribia. Walipita wenyewe kwenye jumuiya ndogondogo kuomba michango, wakaniacha nifundishe. Noeli ile tuliimba na kinanda kipya.
>
> Nawashukuru wenyeviti wote wa kwaya niliofanya nao kazi. Malalamiko juu yangu waliyapokea wao na kuniletea faraghani, nikajirekebisha bila kuaibishwa. Makatibu walitunza daftari la mahudhurio kwa uaminifu, na mhazini wetu hakuwahi kuleta hesabu yenye pengo.
>
> Baba Paroko, ulituhamishia chumba cha katekesi siku za Jumatano, tukaacha kufundishana nje kwenye giza. Akina mama wenye watoto wadogo walirudi mazoezini. Umekuwa ukikaa nasi hadi zamu ya mwisho ya wimbo, na wanakwaya wanakumbuka.
>
> Ndugu wanakwaya, mlikuja mkitoka kazini na shambani, mkakaa hadi usiku. Asanteni. Niliyemkosea kwa neno kali wakati wa mazoezi, namwomba anisamehe.
>
> Nitakabidhi vifaa, nakala za nyimbo na nywila za ukurasa wa kwaya kwa mwenyekiti tarehe 13 Juni 2026, kwa orodha iliyoambatishwa. Nyimbo nilizotunga nikiwa hapa, kwaya iendelee kuziimba kwenye ibada bila kuniomba ruhusa. Kwa kurekodi na kuuza, tuzungumze.
>
> Wako katika Kristo,
>
> (saini)
> (jina kamili)
>
> Nakala: Mwenyekiti, Halmashauri ya Walei

Isome kwa sauti kabla ya kuichapa. Katibu naye ataisoma kwa sauti, na popote ulipokatika pumzi wewe, atakatika yeye. Ukurasa mmoja na kidogo unatosha.

Hatua ya 6: Kuipeleka, na yanayofuata

Chapa nakala tatu na orodha ya makabidhiano. Mpelekee mwenyekiti kwanza, aandike "imepitishwa" na kusaini, kisha uipeleke ofisini. Moja inabaki huko, ya pili ni ya mwenyekiti wa Halmashauri ya Walei, na ya tatu igongwe muhuri wa kupokelewa na uitunze. Mkubaliane na paroko siku ya kutangaza. Vizuri zaidi wanakwaya wasikie kwanza siku ya mazoezi, na waumini wengine Dominika inayofuata.

Jiandae kukataliwa. Paroko anaweza kusema, "Subiri hadi Noeli, mwalimu." Viongozi watakuja nyumbani wakiwa wameongozana na wazee. Ni heshima, na inagusa moyo, lakini ukikubali kuongeza muda bila tarehe barua yako imekufa, na anayeandaliwa kukupokea ataacha kujiandaa. Kama unaona sababu yao ina uzito, ongeza muda kwa maandishi na tarehe mpya. Kama huoni, jibu kwa upole kwamba tarehe inabaki, na kwamba hadi siku hiyo utafundisha kila zoezi kama kawaida. Kisha ufanye hivyo kweli. Mwalimu anayeanza kukosa mazoezi baada ya kutoa barua anafuta shukrani zote alizoandika.

Siku ya makabidhiano pitieni orodha kitu kwa kitu, katibu akiandika muhtasari, na wote watatu msaini: wewe, mwenyekiti na anayepokea. Ondoka kwenye uongozi wa kundi la WhatsApp siku hiyohiyo, baada ya kumpa nafasi hiyo mwingine. Majuma ya mwanzo usiende mazoezini, hata ukialikwa. Waimbaji watakutazama wewe wakati mwenzako anapiga mkono, na hataweza kufundisha. Akikupigia simu kuuliza funguo ya wimbo au mahali ilipo nakala ya sauti ya tatu, mjibu alichouliza.